Mhadhiri karudisha muhtasari wa wasilisho langu, kila pembe kaandika "shimo". Nisaidieni kumsoma

Pwani_Kavu (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Nipo mwaka wa pili diploma, chuo sitakitaja. Alhamisi ya wiki ijayo nawasilisha kazi yangu ya vitendo kwa dakika 10 mbele ya darasa na wahadhiri wawili. Kabla ya kutengeneza slaidi zenyewe tuliambiwa tupeleke muhtasari, yaani kila slaidi itabeba nini. Wangu umerudi leo na sielewi hata nianzie wapi.

Kichwa changu: Sababu za Kupungua kwa Kilimo cha Kotonii Pwani ya Kusini Mashariki ya Unguja. Kotonii ni ule mwani wenye bei nzuri. Siku hizi ukienda huko utaona karibu watu wote wanalima spinosamu tu.

Muhtasari wangu ulikuwa hivi:

1. Kichwa na jina langu
2. Yaliyomo
3. Mwani ni nini
4. Historia, tangu kilimo cha biashara kilipoanza Zanzibar 1989
5. Aina za mwani
6. Matumizi ya karajinani inayotolewa kwenye mwani: dawa ya meno, vyakula n.k.
7. Umuhimu kwa wanawake
8. Changamoto: joto, maradhi, bei, upepo, samaki wanaokula mwani
9. Mabadiliko ya tabianchi duniani
10. Vipimo vyangu vya joto la maji, wiki nane
11. Majibu ya wakulima 22 niliowahoji
12. Suluhisho: kulima kwenye maji ya kina
13. Mapendekezo: serikali ipandishe bei, kijengwe kiwanda
14. Asanteni

Na haya ndiyo aliyoandika, nayanakili kama yalivyo:

Juu ya kichwa: "Umeahidi sababu. Umeleta orodha."
Slaidi 3 hadi 7: "Dakika nne zimekwisha na swali bado halijazaliwa."
Slaidi 8: "Tano. Ya kwako ipi?"
Kati ya 9 na 10: "Shimo."
Kati ya 11 na 12: "Shimo kubwa zaidi. Nani kakwambia kina?"
Slaidi 13: "Bei imetokea wapi?"
Chini kabisa: "Andika kila slaidi kwa sentensi moja iliyokamilika. Kisha katikati ya kila mbili weka KWA HIYO au LAKINI. Ukijikuta umeandika PIA, simama hapo."

Slaidi 10 na 11 kaweka alama ya vema tu, hakusema kitu. Naomba mnisaidie, haya ni maoni ya kweli au mzee ameniamkia vibaya?

---

Slaidi_Sita

Dogo tatizo liko wazi, slaidi 14 kwa dakika 10 ni nyingi mno. Kanuni ni slaidi moja kwa dakika moja na nusu, kwa hiyo zako ziwe sita au saba. Toa yaliyomo, toa asanteni, unganisha 3, 4 na 5 iwe moja, unganisha 6 na 7. Ukishapunguza, mashimo yatajifunga yenyewe. Nimewasilisha kazini mara nyingi, naongea kwa uzoefu.

---

Fundi_Rangi

Mkuu hiyo shimo mbona ndogo. Anamaanisha nafasi tupu kwenye slaidi, wahadhiri hawapendi slaidi yenye mistari miwili halafu chini peupe. Weka picha ya mwani upande wa kulia, bakgraundi ya bluu iliyokoza, maandishi meupe. Nina templeti za bahari kama tatu, njoo inboksi tuyajenge, bei ya mwanafunzi.

---

Pwani_Kavu

@Fundi_Rangi asante, ila slaidi zenyewe hazipo bado. Alichosoma ni karatasi iliyopigwa chapa, haina rangi yoyote.

---

Chaki_Nyeupe

Nimefundisha miaka mingi na maoni ya namna hii nimeyaandika mwenyewe mpaka mkono ukauma, kwa hiyo nikutoe hofu kwanza. Mtu aliyekuamkia vibaya huandika "rudia" na kusaini. Huyu kasoma kila mstari.

@Slaidi_Sita umepatia nusu. Slaidi ni nyingi, kweli. Ila ukichukua 3, 4 na 5 ukazifinya ziwe moja, umepata slaidi moja iliyojaa ambayo bado haina kazi. Mhadhiri hakulalamikia wingi. Anauliza slaidi ya 3 inamsogezaje msikilizaji kwenda kwenye sababu za kupungua kwa kotonii. Maana ya mwani haisogezi kitu, hasa mbele ya darasa la watu wanaosomea bahari.

Sasa twende kwenye mashimo yenyewe, maana hapo ndipo penye shughuli.

La kwanza, kati ya 9 na 10. Slaidi ya 9 inasema dunia nzima inapata joto. Ya 10 inasema wewe uliingiza kipimajoto kwenye maji ya kijiji kimoja kwa wiki nane. Kati ya hizo mbili kuna jambo hukulisema: kotonii yenyewe inavumilia joto kiasi gani, na ikizidiwa inafanyaje? Msikilizaji akiona namba 33 kwenye grafu yako atajuaje kama ni nyingi au kidogo? Kwake 33 ni joto la kawaida la Dar mchana. Inabidi kabla ya grafu awe ameshajua kwamba kotonii huanza kutaabika maji yakipita takriban nyuzi 30, na kwamba dalili yake ni matawi kupauka, kulainika na kukatika, ugonjwa unaoitwa aisi-aisi. Sentensi hiyo moja ikikaa mahali pake, grafu inajisemea. Sentensi hiyo haimo popote kwenye muhtasari wako. "Maradhi" umeyataja slaidi ya 8 kama jambo lililo mbali na joto, wakati kwenye hadithi yako ni jambo moja: joto linaudhoofisha mwani, mwani dhaifu ndio unaougua.

La pili, kati ya 11 na 12, nitarudi nalo. Kwanza nijibu mambo mawili. Ulipima saa ngapi na mahali gani? Na hao 22 uliwauliza nini hasa?

---

Mzee_wa_Kivuko

Hii imenikumbusha mwaka niliotetea kazi yangu ya shahada. Ilikuwa mambo ya usafirishaji. Nilianza na historia ya barabara tangu enzi za Mjerumani, nikaipenda ile historia kwelikweli, nilikuwa na picha za zamani. Nilipofika kwenye data mwenyekiti akasema zimebaki dakika mbili. Data yenyewe nilikesha nayo miezi mitano nikihesabu malori usiku. Nikaisoma kama tangazo la vifo redioni. Swali la kwanza nililoulizwa: "Kwani wewe umefanya nini hasa?" Mpaka leo nikikutana na yule mama sokoni nageuza njia.

---

Pwani_Kavu

@Chaki_Nyeupe shikamoo mwalimu. Nilipima kuanzia katikati ya Januari hadi Machi, siku za bamvua, maji yakiwa yamekupwa kabisa, kwenye saa nne hadi saa sita mchana. Maji yenyewe ya kifundo cha mguu mpaka magotini, palepale penye vigingi. Siku nyingi nilipata 32 hadi 34.

Wakulima niliwauliza: ulishawahi kulima kotonii? Uliacha lini na kwa nini? Waliowahi kulima walikuwa 17. Karibu wote walisema ulikuwa unakufa wakati wa kaskazi, wanapanda upya, kaskazi nyingine unakufa tena, mpaka mbegu ikaisha wakaacha.

---

Binti_wa_Bwejuu

Mie mamaangu analima mwani tangu sijazaliwa, na nnakwambia hao wamesema kweli. Lakini hapo kwenye "kulima maji ya kina" ndugu yangu umeteleza, na mwalimu wako kakuona.

Mwani wetu unalimwa pale kwa sababu mtu anakwenda kwa miguu. Bamvua likija wanawake wanashuka na taitai zao na kamba, wanafunga, wanarudi maji yakianza kujaa. Ukimwambia mama aende kina kirefu, kwanza anataka chombo. Pili anataka kujua kuogelea, na wengi wa rika la mamaangu hawajui, hawakufunzwa. Tatu hapo vigingi havifai, utafunga chelezo au kamba za kuelea, na hizo zinataka nanga na gharama. Slaidi yako ya 7 umesema umuhimu kwa wanawake, halafu ya 12 umewapeleka wanawake hao mahali wasipofika. Si unajipinga mwenyewe?

---

Chaki_Nyeupe

@Binti_wa_Bwejuu ameniondolea nusu ya maneno. Ndilo lile shimo la pili, na lina tabaka mbili.

Tabaka la juu ni hilo alilosema: nani atafika huko. Slaidi ya 7 imekaa mapema kama pambo wakati ingekuwa na kazi nzito ingeshushwa chini, ikaja baada ya suluhisho kama kikwazo. Wanafunzi wengi huweka jambo zuri mahali lisipofanya kazi, kisha mhadhiri anasema "ondoa" nao wanaliondoa kabisa. Wewe usiliondoe, lihamishe.

Tabaka la chini ndilo "nani kakwambia kina?" Mpaka slaidi ya 11 umeonesha kwamba maji mafupi yana joto kali na kotonii ilikufa. Hujaonesha kwamba maji ya kina yana joto pungufu. Unalijua wewe, analijua mhadhiri, lakini kwenye karatasi halipo. Ni kama kusema chumba hiki kina joto, basi tuhamie kile, wakati kile hujafungua hata mlango. Una kipimo chochote cha maji ya kina?

Halafu kuna jingine ambalo mhadhiri hakuliandika ila ningeliandika mimi. Kichwa chako kinasema "kupungua". Kupungua ni habari ya miaka. Kipimajoto chako kina wiki nane za kaskazi moja. Hakiwezi kusema maji ya leo ni moto kuliko ya miaka 20 iliyopita. Anayebeba habari ya miaka ni wale 17. Kwa hiyo wao waje KABLA ya grafu: wakulima wanasema kotonii ilikufa kaskazi hata kaskazi, je, kaskazi maji yanafika wapi? Hapo ndipo unapotoa kipimo. Wewe umeweka kipimo kwanza, kikaning'inia.

---

Pwani_Kavu

Mwalimu, naona haya kusema. Vipimo vya kina ninavyo, ila ni vitatu tu. Kuna mvuvi alinichukua kwenye ngalawa mara tatu. Siku hizo nje kule nilipata 29 zote tatu, wakati pale kwenye vigingi siku hizohizo ilikuwa 33, 33 na 34. Niliviacha kwa sababu vitatu nikaona aibu, wenzangu wana jedwali refu.

---

Chaki_Nyeupe

Umeacha ngazi nyumbani ukaja kuruka ukuta.

Vilete. Sema ni vitatu, sema vyote ni vya saa za mchana, sema havitoshi kujengea sera. Lakini vitatu vilivyopimwa siku moja na vile vya maji mafupi vina thamani kuliko slaidi nzima ya tabianchi duniani, kwa sababu vinalinganisha. Na sentensi ya mipaka iweke palepale penye vipimo. Ukiisubirisha hadi slaidi ya mwisho inageuka kuwa kuomba radhi.

---

Slaidi_Sita

Sawa nakubali, ila bado nasema ziwe chache. Hayo yote mnayoongeza yataingia wapi kwenye dakika 10?

---

Ukurasa_wa_Pili

Mimi ni mwalimu wa sekondari, niko upande wa Likoni. Nimesoma uzi wote na kuna jambo sikubaliani nalo. Mnampangia kijana hadithi ya upelelezi: swali, ushahidi, ushahidi, halafu jibu mwishoni. Kwa dakika 10 mimi ningemwambia aanze na jibu. Sentensi ya kwanza kabisa: "Kotonii imetoweka kijijini kwa sababu inalimwa kwenye maji mafupi yanayochemka kaskazi, na kuihamisha si rahisi kwa wanaoilima." Halafu dakika tisa zilizobaki anathibitisha. Msikilizaji akisinzia dakika ya sita atakuwa ameondoka na kitu.

---

Chaki_Nyeupe

@Ukurasa_wa_Pili hoja yako nzito na wapo wahadhiri wanaotaka hivyo. Hofu yangu ni kwamba mwanafunzi akianza na jibu, akifika kwenye ushahidi anachagua unaompendeza. Akianza na swali analazimika kuonesha njia aliyopita. Kwenye ofisi ningekubaliana nawe asilimia mia. Darasani anapimwa njia.

---

Ukurasa_wa_Pili

Anapimwa njia na watu walio macho, mwalimu. Tukubaliane kutokubaliana.

---

Pwani_Kavu

Wakuu nimekesha na ule mtihani wa KWA HIYO na LAKINI. Nilianza na muhtasari wa zamani: kati ya 3 na 4 PIA, 4 na 5 PIA, 5 na 6 PIA, 6 na 7 PIA. Zote nne. Nikacheka peke yangu chumbani. Kati ya 12 na 13 nikajaribu kuweka KWA HIYO: "Walime maji ya kina, kwa hiyo serikali ipandishe bei." Haikai hata ukiipiga nyundo.

Mpya ni huu:

Kotonii humpa mkulima bei nzuri kuliko spinosamu.
LAKINI kati ya wakulima 22 wa kijiji hiki, 17 waliwahi kuilima na wote wameiacha.
KWA HIYO nikauliza: ilikuwa inakufa lini na kwa nini?
Wanasema ilikufa kaskazi, matawi yakipauka na kukatika.
KWA HIYO nikapima joto la maji kaskazi penye vigingi: 32 hadi 34 siku nyingi, wakati kotonii hutaabika ikipita takriban 30.
LAKINI nje kwenye kina, mara tatu nilizoweza kufika, ilikuwa 29.
KWA HIYO huenda kotonii ingeishi kule.
LAKINI kufika kule kunataka chombo, kuogelea na kamba za kuelea, na 19 kati ya 22 ni wanawake wanaofika shambani kwa miguu.
KWA HIYO swali la kuhamia kina linaanza na nani atafika.

Sentensi tisa. Historia nimeikata yote, nimebakiza 1989 kwenye mdomo, sio kwenye slaidi. Bei na kiwanda nimevitoa. @Slaidi_Sita zimekuwa slaidi tisa na jina langu.

---

Slaidi_Sita

Si nilisema.

---

Binti_wa_Bwejuu

Imekaa. Ila neno "wote wameiacha", uliwauliza kama wapo waliojaribu tena? Mamaangu kila mwaka kusi likiingia maji yakipoa, akipata mbegu ya kotonii anafunga kamba mbili tatu. Siku kama 45 anavuna. Kaskazi ikija anatoa yote kabla haijafa. Huyo ameacha au hajaacha?

---

Pwani_Kavu

Sikuuliza. Naona wawili walitaja kitu cha kusi nikaandika pembeni, nikawahesabu kama walioacha.

---

Chaki_Nyeupe

Basi sio 17 walioacha. Rudi kwenye daftari uhesabu upya kabla ya Jumatatu. Kama ni 15 andika 15, na hao wawili wape sentensi yao. Wanaolima kusi na kutoa kaskazi ni ushahidi unaounga mkono hoja yako ya joto kuliko hata kipimajoto, kwa sababu msimu ukibadilika mahali ni palepale, vigingi ni vilevile, na mwani unaishi. Wangekuwa na slaidi yao wenyewe, mara tu baada ya grafu.

Nilivyomwelewa mhadhiri wako, hapa ndipo alipotaka ufike na zile alama za vema kwenye 10 na 11. Ingawa namlaumu kidogo: vema tupu haimwambii mwanafunzi kwamba hapo ndipo penye dhahabu. Angeandika maneno matatu tu, "anzia hapa kujenga", uzi huu usingekuwepo.

---

Fundi_Rangi

Mkuu templeti bado zipo.

---

Pwani_Kavu

Mrejesho wakuu. Nimehesabu upya, ni 15 na 2. Jana nimempelekea ule wa sentensi, zimekuwa kumi sasa. Kaurudisha leo asubuhi. Wino mwekundu uko mahali pamoja tu, penye "KWA HIYO huenda kotonii ingeishi kule". Kapigia mstari namba 29 kwenye sentensi ya juu yake, akaandika: "Kina kinabadilisha joto tu? Mwanga je? Mkondo je?"

Sijapima mwanga. Mkondo nao sikupima. @Binti_wa_Bwejuu naomba uniulizie kwa wavuvi wa kwenu, kule nje kaskazi maji yanasukuma vipi?

---

Binti_wa_Bwejuu

Mjomba yuko dago, anarudi Jumamosi. Nitamuuliza.